Kufunga akaunti ya TikTok ya mtoto: anza na video

Binti yangu ana miaka 11. TikTok haimpokei aliye chini ya miaka 13, kwa hiyo aliandika mwaka wa uongo akajiunga. Nilipogundua, kulikuwa na video saba, mojawapo akimwigiza mwalimu wake, na wenzake hapa Uyole walikuwa wameshaanza kutumiana.

Nilitaka kuifuta programu kwenye simu. Hilo halisaidii kitu: akaunti inabaki, video zinaendelea kuonekana, na wewe umejifungia mlango wa kuingilia. Acha programu ilipo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa namba. Akaunti ilifunguliwa kwa laini ya shangazi yake aliyeko Mafinga, na namba ya siri ya kuingilia inatumwa huko kwa ujumbe mfupi. Inaisha muda haraka, hivyo nilimpigia kwanza: "Wifi, shika simu mkononi, unisomee tarakimu zikiingia." Kama laini imepotea, mwenye jina lake ndiye aende kuirudisha kwa alama za vidole.

Nilipoingia, niliweka akaunti iwe ya faragha: Settings and privacy, halafu Privacy, halafu Private account. Hapo wageni wanaacha kuona wakati wewe unaendelea na kazi. Kisha nikafuta video moja moja: fungua video, gusa nukta tatu, chagua Delete. Kabla ya kufuta, nakili kiungo chake ukihifadhi. Nilifungua viungo vile kwenye simu ya jirani ambayo haina akaunti hiyo, nikahakikisha hakuna kinachocheza.

Watu huuliza kwa nini nisifunge akaunti moja kwa moja. Sababu ni siku 30. Ukichagua Account, kisha Deactivate or delete account, kisha Delete account permanently, akaunti inafichwa lakini haijafutika. Mtoto akiingia tena ndani ya siku hizo inafufuka, na video zote zingerudi nayo. Kwa hiyo niliitoa akaunti kwenye kila simu aliyowahi kuitumia, ikiwemo ya binamu yake, nikabadilisha nywila, ndipo nikafunga. Tarehe niliiandika kwenye kalenda ya ukutani.

Nakala zilizosambaa ni kazi nyingine, na hapa mkono wa TikTok haufiki. Kwenye WhatsApp, aliyetuma anaweza kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na nusu hivi. Baada ya hapo hawezi. Msimamizi wa kundi naye anaweza kuondoa ujumbe wa mwanakundi, kwa hiyo nilimwendea mama anayesimamia kundi la wazazi na kumwomba kwa heshima. Lakini aliyeihifadhi kwenye simu yake bado anayo. Wawili wa namna hiyo niliwafuata nyumbani, tukafuta pamoja mbele ya wazazi wao, kwenye picha na kwenye kapu la vilivyofutwa, maana huko vitu hukaa siku kadhaa kabla ya kutoweka.