Nilivyopata mafuta ya nazi yasiyochacha kutoka kwa kina mama wa Mafia

Chupa 11 za mafuta ya nywele zilinirudia ndani ya wiki moja, na malalamiko yote yalikuwa yale yale: mafuta yameanza kunuka uchachu na chini ya chupa kuna utando mweupe. Mafuta hayo niliyanunua kwa kikundi cha kina mama 14 kisiwani Mafia, ambacho sisi wanunuzi hukiita ushirika ingawa kwenye cheti cha halmashauri ni kikundi tu. Yalinifikia Mbagala kwa boti ya Kilindoni hadi Nyamisati na kisha kwa basi, katika madumu matano ya lita 20. Kwa kuwa matatu yalikuwa mazuri na mawili yalikuwa mabaya, sikuweza kumlaumu mtu kwa haki, nikaamua kwenda mwenyewe kukaa nao siku nne.

Tatizo nililiona siku ya kwanza. Kila mama alipika nyumbani kwake, akaleta alichopata, na vyote vikamiminwa katika dumu moja kwa bei moja, hivyo lita mbili zenye maji ziliharibu lita 18 safi bila mtu kujua zimetoka kwa nani. Tena waliopika haraka walilipwa sawasawa na waliopika kwa subira, na sioni kwa nini mtu mwenye kazi nyingine shambani aendelee kukaa jikoni kwa malipo yale yale.

Siku ya pili niliwatazama wakipika. Nazi zilizokomaa zilikunwa kwa mbuzi, chicha ikakamuliwa mara mbili, na tui likalazwa usiku kucha ndani ya ndoo. Asubuhi tui zito lilikuwa limeelea juu na maji yamebaki chini, wakachota lile zito na kuliinjika. Mwanzoni sufuria lilitoa povu kubwa na kelele nyingi. Baadaye mafuta yakajitenga, povu likawa dogo dogo, na mashapo yakaanza kugeuka kutoka weupe kuwa rangi ya maandazi. Hapo ndipo wanapotofautiana. Wengine huepua mapema, mashapo yakiwa bado meupe, kwa sababu mafuta huwa meupe na yananukia vizuri sokoni, lakini ndani yake maji hayajaisha, na maji hayo ndiyo huyachachisha mafuta baada ya wiki chache. Wanaosubiri hadi sufuria linyamaze hupata mafuta ya manjano kidogo yanayodumu kwa miezi, na wanaopitiliza hupata mafuta yenye harufu ya kuungua ambayo hayafai kwa nywele.

Tulikubaliana kwamba kila mama alete mafuta yake katika galoni yake ya lita 5 yenye namba, baada ya kuyaacha yatulie siku tatu na kuyamimina taratibu bila kutikisa mashapo. Kisha kila galoni inapimwa mbele ya wote. Kipimo cha kwanza ni kijiko cha mafuta juu ya moto: yakitatarika, yana maji. Yakiwa kimya lakini nina shaka, ninapima gramu 250 kwa mizani ndogo inayoonyesha sehemu ya kumi ya gramu, ninayapasha polepole bila kuyaacha yatoe moshi mpaka vipovu viishe, kisha ninayapima tena yakipoa. Yakipungua zaidi ya nusu gramu, ninayarudisha. Galoni yenye maji ambayo bado haijanuka inapikwa tena na kukubaliwa. Iliyokwisha kuchacha haiponi kwa kupikwa, kwa hiyo hiyo ninainunua kwa bei ya chini kwa ajili ya sabuni ya kufulia.

Galoni namba 7 ilitatarika, na mwenye nayo, bibi wa makamo ya mama yangu mzazi, alikasirika. “Mwanangu, mafuta haya nayapika tangu hujazaliwa,” aliniambia, nami nikamjibu kwa adabu kwamba kijiko ndicho kilichosema. Tulipochota mafuta yaliyobaki katika sufuria lake nyumbani, hayakutatarika hata kidogo. Alikuwa ameosha galoni asubuhi ile na kuijaza kabla haijakauka. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo galoni zinaanikwa juani siku nzima zikiwa zimeinamishwa. Mimi nami nilikuwa na kosa langu: kipupwe niliwahi kutaka kurudisha mafuta yenye ukungu, kumbe yalikuwa yanaganda tu, kwa kuwa mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Sasa ninaiweka chupa juani kwanza. Ukungu ukiondoka ilikuwa baridi, ukibaki ni maji.

Bei ilituchukua muda mrefu zaidi. Nilikuwa nikilipa shilingi 13,000 kwa lita, na dumu lililojazwa hadi shingoni huchukua zaidi ya lita 20, yaani nilikuwa nikipewa lumbesa ya mafuta bila kulipia. Tukahamia kwenye kilo, kwa mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kisha tulipika nazi 100 pamoja na kuandika kila kitu. Tulipata kilo 6.4, ambazo ni karibu lita 7. Nazi ziligharimu 60,000 kwa bei ya 600, kuni 6,000 kwa sababu vifuu vilisaidia moto, na usafiri hadi Kilindoni 4,000. Kazi yote, kuanzia kufua hadi kumimina, ilifikia siku tatu za mtu mmoja. Kwa bei yangu ya zamani mafuta yale yangewapa kama 90,500, na ukitoa gharama wangebaki na 20,500, yaani chini ya 7,000 kwa siku, wakati kibarua cha kulima pale kilikuwa 10,000. Mweka hazina alinisomea hesabu ile polepole, na sikuwa na la kubisha. Tukiweka 10,000 kwa siku, jumla ilikuwa 100,000, ambayo ni 15,625 kwa kilo, tukakubaliana 16,000.

Kwa kuwa kilo moja hula nazi 15 hadi 16, tuliweka pia kanuni kwamba nazi ikipanda au ikishuka kwa shilingi 50, kilo ya mafuta inapanda au inashuka kwa 800. Mwezi wa Ramadhani, nazi zinapohitajika kila jiko, bei ilifika 800 na mimi nikalipa 19,200 bila mabishano, ila nilinunua nusu ya kawaida yangu. Ninatuma pia asilimia 40 mapema kwa simu ya kikundi, kwa sababu bila fedha ya kununulia nazi, wenye minazi huwauzia wachuuzi wa Dar es Salaam zikiwa nzima.

Kwa miezi minane sijarudishiwa chupa. Jambo ambalo bado hatujalimaliza ni upungufu wa safarini: mzigo wa mwisho ulipimwa kilo 54.2 Kilindoni na 53.6 Mbagala, kifuniko kimoja kikiwa kimelegea. Mwenyekiti anasema mafuta yakishapanda boti ni yangu, nami ninasema kufunga vifuniko ni kazi yao. Kwa sasa tumegawana hasara hiyo nusu kwa nusu, na galoni namba 3 imenunuliwa kifuniko kipya.