Kliki, Mzee na korasi iliyogoma

Huu ubishi wa kliki kuua mzuka wa roki nimeusikia sana na watu wengi wanaubishania juu juu tu, kliki nzuri kliki mbaya basi, mi niliona kwa macho yangu inavyoua na pia niliona ni wapi haina kosa lolote, so wacha nieleze ilivyokua.

Kwa ambae hajawahi kurekodi, kliki ni mlio wa metronomu unaopigwa kwenye hedifoni zenu mnaporekodi, ti ti ti ti, msikilizaji hatausikia kamwe ila nyie mnaufata. Mi nilikua napiga besi kwenye bendi ya roki ya watu wanne, na mpiga drams wetu ndo alikua mkubwa kwetu kiumri, tulimwita Mzee japo hakua mzee kihivyo. Mzee ukimtajia kliki ananuna. Hoja yake ilikua sikiliza Honky Tonk Women ya Rolling Stones, ya 1969 ile, inaanza inatembea mpaka inafika mwisho inakimbia na hakuna mtu aliewahi kurudisha santuri dukani kisa kasi imepanda.

Fundi wa studio nae alikua kijana mdogo lakini hakua mjinga. Akamwambia Mzee mi nakuheshimu kaka yangu, ila nyie mnataka magitaa ya nyongeza yaje baadae, mnataka sauti za pili, alafu mnataka mkishapiga wimbo mara kadhaa nichukue ubeti wa teki hii niuunge na korasi ya teki ile, sasa bila kliki kila teki itakua na kasi yake na mishono yote itasikika. Mzee akacheka, akasema mbona Strawberry Fields Forever ya Beatles ya 1967 ni teki mbili zimeungwa, kasi tofauti na hata kii tofauti, na hawakua na kompyuta. Ambayo ni kweli kabisa, walichezea spidi ya tepu mpaka zikaingiana. Fundi akajibu ule ulikua mshono mmoja mkubwa Mzee, mi hapa nitashona kila baada ya sekunde chache. Tukakaa kimya manake wote wawili walikua na point.

Basi Mzee akakubali kwa shingo upande. Kasi ikachaguliwa vile inavyochaguliwa mara nyingi, yaani tumekaa, gitaa linapiga intro, fundi anagonga kitufe kufatisha, kompyuta ikasema mapigo 104 kwa dakika, kila mtu akatikisa kichwa sawa hiyo hiyo. Hapo ndo tatizo lilipozaliwa na hakuna alielistukia, sababu intro unaipima ukiwa umetulia umekaa kwenye kiti, korasi huipimi.

Ubeti ulienda vizuri tu. Korasi ikaingia, mi nikahisi kitu kimekufa. Siyo kwamba Mzee alitoka kwenye kliki, hapana, kwa wastani alikua yupo, ila ilikua ngumu, kama mtu anaevuta mbwa asietaka kutembea. Tukarudia tena na tena na kila tukirudia inazidi kua mbaya. Mzee akavua hedifoni akaziweka juu ya ngoma ya snea na akasema "Nyie si mnasikia lakini?" Tulikua tunasikia.

Fundi akafanya kitu ambacho nilikuja kumheshimu nacho mpaka leo, hakubisha, akavuta picha ya sauti ya snea kwenye skrini akaikuza, akatuita tuangalie. Kwenye ubeti kila pigo la snea lilikua limekaa nyuma kidogo ya mstari wa kliki, kama milisekunde 15 hivi, moja baada ya jingine, karibu zote zinafanana. Kwenye korasi ilikua vurugu, pigo moja liko mbele ya mstari kwa milisekunde 30, linalofata limerudi nyuma 40, alafu mbele tena. Yaani Mzee anakimbilia mbele sababu mwili wake unataka korasi ipande, anasikia kliki imechelewa kuja, anajizuia, anajizuia kupita kiasi, anajikuta nyuma, anakimbiza. Akili yote iko kwenye kusahihisha, na kule kusahihisha ndo tulikokua tunakusikia kama ugumu.

Alafu fundi akasema sasa zimeni kliki mpige wimbo wote mnavyotaka. Tukapiga. Akachukua ile teki akahesabu baa nane za ubeti, yaani mapigo 32, zilichukua kama sekunde 18.5, akahesabu baa nane za korasi zikaja kama 17.8. Ukifanya hesabu, mapigo 32 mara 60 gawanya kwa sekunde, ubeti unakuja 104 kweli na korasi inakuja 108. Tofauti ya mapigo manne kwa dakika inaonekana haina kitu, lakini iangalie kwa ndani: kwenye 104 pigo hadi pigo ni milisekunde 577 na kwenye 108 ni 556, so kila pigo Mzee alikua anataka kufika milisekunde 21 kabla ya kliki, na zinajumlishana, baa moja tu ikiisha ashatangulia kwa zaidi ya 80. Pengo la hivo hata asie mwanamuziki analisikia, lazima arudi, hana namna.

Na kitu kilichomshangaza hata Mzee mwenyewe ni kwamba kwenye ile teki huru snea za korasi zilikua zimepishana kwa usawa mzuri sana. Kasi ilipanda ndio, ila ilipanda pale kwenye rolo la kuingilia korasi na ikakaa hapo hapo. Hakua anayumba, alikua na kasi mbili, na sisi tulimpa kliki yenye kasi moja.

Fundi akatengeneza ramani ya tempo kutoka kwenye ile teki huru. Ubeti wa kwanza 104, korasi 108, ubeti wa pili akaurudisha 105 siyo 104, sababu ndivyo tulivyopiga, ukishapanda huwezi shuka mpaka chini kabisa bila wimbo kuonekana umechoka, korasi ya pili 109. Mabadiliko hakuyaweka ghafla kwenye pigo la kwanza la korasi, aliyapandisha polepole ndani ya mapigo mawili ya mwisho ya rolo. Pia akabadili mlio wenyewe, ule wa mwanzo ulikua mkali unachoma sikio na ulikua unapigwa mara mbili kwa kila pigo, akaweka mlio mkavu kama wa kayamba na akaacha pigo moja moja tu, na akaushusha sauti. Akamwambia Mzee ukiona kliki imepotea usiogope, imepotea kwa sababu umeikalia juu kwa juu, snea yako imeifunika. Wapiga drams wengi kliki ikipotea wanadhani wameachwa, wanaanza kuitafuta, na hapo ndo wanatoka.

Teki iliyofata korasi ilifunguka. Mi nilijua hata kabla hatujasikiliza, manake besi yangu haisikilizi kliki hata siku moja, inasikiliza snea, na snea ilikua imekaa mahali nnapoweza kuiegemea.

Sasa ningependa niseme yakaisha hapo, ila siku iliyofata tumefika tukakuta fundi amesafisha drams. Alikua amezichukua snea zote za ubeti, zile za milisekunde 15 nyuma, akazivuta zikakaa juu ya mstari. Kwenye skrini ilikua safi mno. Akapiga, na cha kwanza nilichosikia ni kwamba mi ndo nimechelewa, besi yangu yote ya ubeti inaburuta, wakati jana ilikua tamu. Hakuna alieigusa besi. Nilikua nimepiga nikiegemea snea iliyochelewa kidogo, sasa snea imehamishwa nimebaki peke yangu nyuma. Gitaa nalo hivo hivo. Fundi akashauri basi anivute na mi, na gitaa pia, Mzee akasema mdogo wangu ukivuta wote si ungepiga mwenyewe tu kwa kompyuta. Fundi akarudisha zilivyokua, ila alibakisha snea mbili ambazo kweli zilikua zimepotea njia, na hizo hata Mzee hakuzitetea.

Kwaiyo msimamo wangu tangu hapo ni kwamba ukisikia rekodi imekufa usikimbilie kuisema kliki. Kliki ya kasi moja kwenye wimbo wenye kasi mbili inaua, nakubali, niliona. Kuvuta mapigo kwenye gridi baada ya kurekodi inaua zaidi, na hiyo unaweza kuifanya kwa fujo hata kwa mtu aliepiga vizuri sana na kliki. Tabia ya snea kukaa nyuma kila mara kwa kiasi kile kile ndo mzuka wenyewe, na kliki haikumzuia Mzee kuwa nao, kwenye ubeti alikua nao mwanzo mwisho kliki ikiwa sikioni.

Mzee hakuwahi kukubali yote hayo. Hoja yake ya mwisho ilikua nzuri na sijaipatia jibu: alisema ile ramani ni mzuka wa teki moja, wa dakika ile tulipozima kliki, sasa kila teki inayofata tunaigiza tulivyojisikia dakika ile, vipi kama sasa hivi najisikia korasi iende 111? Huwezi, ramani imeshasema 108. Na ni kweli, ukifata ramani huwezi kumshangaza mwenzio.

Tukapatana korasi ya mwisho ipigwe kliki ikiwa imezimwa. Kulikua na sababu ya pili isiyo ya kifalsafa kabisa, kwenye teki zote wimbo ukiisha na tasa zikiwa zinafifia ulikua unasikia ti ti ti imevuja kutoka kwenye hedifoni za Mzee mpaka kwenye maiki za juu. Hasara yake ikawa kwenye gitaa, mwangwi wake ulikua umefungwa kwenye tempo ya kompyuta na sehemu ile ukawa unaangukia hovyo, mpiga gitaa akalalamika sana, mwishowe fundi akauzima mwangwi pale na gitaa likabaki kavu. Tulivyokuja kupima baadae ile korasi ilimalizikia 114. Mpiga gitaa anasema Mzee alikimbia. Mzee anasema ndo sehemu pekee ya wimbo mtu anayoomba irudiwe, na hilo mpiga gitaa halikatai, anakataa tu sababu.