Neno lenye irabu tupu: ninavyojaza visanduku visivyokatwa

Fumbo la maneno la Kiswahili lina usumbufu wake. Jedwali likipangwa ili kila kisanduku cha pili tu ndicho kikatwe na neno jingine, herufi unazopewa mara nyingi huwa za aina moja. Neno letu la kawaida ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Yakikatwa mahali pa kwanza, pa tatu na pa tano, umepewa konsonanti, na hapo kazi ni nyepesi. Yakikatwa pa pili, pa nne na pa sita, umeachiwa A, A, I, ambazo zinaingia karibu kila mahali.

Chukua kidokezo hiki: "Rudisha urafiki kati ya mahasimu", visanduku tisa. Kilichopatikana ni _A_A_I_H_.

Mimi huanza na H, kwa sababu imekaa mahali ambapo ningetarajia irabu. Maana yake kuna konsonanti ya herufi mbili iliyosukuma mpangilio hatua moja: SH, CH, TH, DH, GH au KH. Kidokezo kinaanza kwa kitenzi, na kitenzi cha Kibantu huishia kwa A. Kitenzi kirefu chenye I kabla ya herufi hizo ni -ISHA karibu kila mara, kwa hiyo ninaandika S na A kwa penseli. KU- ya mwanzo haiwezekani, kwa kuwa kisanduku cha pili ni A.

Sasa ni _A_A_ISHA, na hapa ndipo wengi hukimbilia neno la kwanza linalowajia. Hesabu yanayoingia: PATANISHA, TATANISHA, FANANISHA, TAYARISHA, HALALISHA, HAMASISHA. Yote yana herufi tisa na irabu zilezile. Ukisubiri irabu zikutofautishie, utasubiri sana.

Rudi kwenye kidokezo. Maneno "kati ya" yanataka pande mbili, na kitenzi cha pande mbili hubeba -AN- ya kutendana. Ikifuatwa na -ISHA ya kusababisha, mwisho unakuwa -ANISHA. Kisanduku cha tano ni N, na TAYARISHA, HALALISHA na HAMASISHA zimetoka. Zimebaki PATA-, TATA- na FANA-, nazo maana inazitenga: kutatanisha ni kuchanganya, kufananisha ni kulinganisha. Visanduku vitano visivyokatwa vimejazwa bila kufungua kamusi.

Irabu iliyo kabla ya SHA ikiwa ndiyo isiyokatwa, tazama irabu ya silabi iliyotangulia. A, I au U huvuta I: patanisha, fikisha, futisha. E au O huvuta E: chekesha, somesha. Kanuni hiyohiyo inaongoza -IA na -EA, -IKA na -EKA. Lakini REKEBISHA inaivunja wazi, nayo hupendwa na watungaji. Vitenzi vya -UKA navyo hugeuka kuwa -USHA, kama anguka na angusha, kwa hiyo baada ya A au U usiandike I kwa wino mapema. Vitenzi vya kukopa, kama samehe, fikiri na sahau, hata A ya mwisho havina. Kidokezo kikinukia Kiarabu, acha kisanduku cha mwisho wazi.

Kwa nomino ninategemea zaidi jozi za katikati. Konsonanti iliyotangulia B au V ndani ya neno huwa M. Iliyotangulia D, G, J au Z huwa N. Mfano: "Samaki wa ziwani", _A_B_R_. Kabla ya B naweka M, na _AMB_R_ inanipa njia mbili, KAMBARE na TAMBARA. Mtu wa Kisumu anaweza kukwama hapa kwa kuwa sokoni samaki huyu amezoea kumsikia akiitwa mumi, huku kichwani akiwa na mbuta, ambaye ana herufi tano tu.

Jozi hizo zinategemewa katikati ya neno, si mwanzoni. Kisanduku cha kwanza kinaruhusu M mbele ya karibu konsonanti yoyote, kama mtu, mkate na mlango, na N ya nchi, nta na nne. Kwa hiyo kisanduku cha kwanza mimi hukijaza mwisho, isipokuwa cha pili kiwe kimekatwa na ni H. Hapo cha kwanza kinabaki S, C, D, T, G, K au M, na kidokezo huchagua haraka. Upande wa pili ni rahisi zaidi: ukiona C popote, kinachofuata ni H, hata kama hakuna neno linalokikata.