Visima 9 kwenye rasimu, visima 6 kwenye ripoti

Rasimu ya ripoti ya nusu mwaka iliponifikia, sura ya matokeo ilianza hivi: “Visima 9 kati ya 10 vimechimbwa, sawa na asilimia 90 ya lengo.” Ulikuwa mradi wa maji vijijini mkoani Singida, nami nilikuwa ofisa ufuatiliaji na tathmini. Ni kweli visima 9 vilichimbwa. Ila viwili havikutoa maji, na cha tatu maji yake yalipopimwa maabara yalikutwa na floraidi miligramu 3.1 kwa lita, wakati kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Hayo yote yalikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa cha changamoto, kwa sentensi moja: “Baadhi ya maeneo yalikuwa na hali ngumu ya kijiolojia, na timu inaendelea kuimarisha ufuatiliaji.”

Kabla ya kugusa sentensi yoyote nilifungua mkataba na kusoma kiashiria kilivyoandikwa. Kilisema “visima vinavyotoa maji salama ya kunywa”. Hakikusema vilivyochimbwa. Kwa hiyo matokeo yetu yalikuwa 6 kati ya 10, yaani asilimia 60. Idadi ya wanufaika nayo ikashuka papo hapo, kwa sababu rasimu ilizidisha kila kisima kwa watu 250, kile kipimo cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, na kupata watu 2,250. Kwa visima 6 wanabaki 1,500.

Mratibu wetu wa mradi ni mtu mzima aliyefanya kazi za maji miaka mingi, na hofu yake ilikuwa ya kweli. “Dada, ukipeleka asilimia 60, wanasimamisha awamu ya pili. Vijiji vilivyobaki vitakosa kabisa.” Sikubishana naye juu ya maadili. Nilimwomba mhasibu atuletee ripoti ya fedha ya kipindi hichohicho, tukaiweka mezani kando ya rasimu. Kifungu cha uchimbaji kilikuwa kimetumika karibu chote, lakini kifungu cha pampu za mkono kilikuwa kimenunua pampu 7 tu. Ofisa fedha wa mfadhili hupokea hati zote mbili siku moja. Angeuliza visima viwili vinatoaje maji bila pampu, na swali hilo lingekuja kwetu kama tuhuma. “Basi, mama,” mratibu akasema, “tuandike, ila tuandike na tunachofanya.” Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Nilifuta ile sentensi ya ukurasa wa mwisho na kuhamishia kila tatizo palepale linapotajwa tokeo lake. Msomaji akiona 6 kati ya 10, aya inayofuata imweleze vile vinne viko wapi: viwili vikavu, kimoja kina floraidi, kimoja hakijachimbwa kwa sababu barabara ya kijiji hicho haikupitika na mtambo wakati wa mvua. Hicho cha mwisho kilihitaji mistari miwili tu. Vile vikavu vilihitaji maelezo zaidi.

Kuandika “hali ya kijiolojia” hakukumweleza mtu chochote. Sehemu kubwa ya Singida imekaa juu ya miamba ya granaiti, na maji yanapatikana kwenye nyufa za mwamba au kwenye tabaka lililomomonyoka juu yake. Ukikosa ufa kwa mita chache tu unachimba jiwe kavu hadi chini. Hilo liko nje ya uwezo wa mtu. Lakini nilipopitia ripoti za wapimaji wa maji ya chini ya ardhi nikaona kwamba katika vijiji vile viwili walipima sehemu moja tu kwa kila kijiji, wakati kwenye vijiji vilivyofanikiwa walipima tatu au nne wakachagua iliyo bora. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wetu, na ndilo mfadhili analostahili kulijua, kwa sababu ndilo linaloweza kurekebishwa. Aya ikawa hivi:

“Visima viwili vilichimbwa na havikutoa maji. Eneo lina miamba ya granaiti, na katika vijiji hivi upimaji ulifanyika sehemu moja tu kwa kila kijiji ili kupunguza gharama. Fedha za uchimbaji wa visima hivi haziwezi kurejeshwa, kwani mkandarasi hulipwa kwa mita. Tumeshasitisha uchimbaji mwingine hadi kila kijiji kipimwe sehemu zisizopungua tatu. Upimaji wa marudio utasimamiwa na mhandisi wa mradi na kukamilika kabla ya mwisho wa Septemba. Tunaomba idhini ya kuhamisha fedha za pampu mbili ambazo hazikununuliwa ili kulipia upimaji huo.”

Nilitenganisha kwa makusudi kilichokwisha kufanyika na kinachokuja. “Tumeshasitisha” ni jambo ambalo mtu anaweza kwenda kulihakikisha leo. “Tutaimarisha” hakuna anayeweza kulikagua, kwa hiyo kila nilipolikuta nilidai vitu vitatu: nani atafanya, lini, na kwa fedha ipi. Hatua iliyokosa hata kimoja niliirudisha kwa mwenyewe. Mbili kati ya hizo ziliondolewa kabisa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuziweka kwenye kalenda yake.

Kisima cha floraidi ndicho kilichonisumbua zaidi, kwa sababu pampu ilikuwa imeshafungwa na watu walikuwa wameanza kunywa. Floraidi haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, kiwango chake hupanda. Athari yake kwenye meno ya watoto inaonekana baada ya miaka. Ripoti ilibidi iseme kwamba sampuli ilichukuliwa baada ya kufunga pampu, wakati ingeweza kuchukuliwa mwishoni mwa upimaji wa wingi wa maji, kabla ya kununua chochote. Ilisema pia kwamba tuliitisha mkutano wa kijiji, tukaeleza kwamba maji yale ni ya kufulia na mifugo tu, tukaweka kibao, na kwamba utaratibu mpya ni majibu ya maabara kwanza, pampu baadaye. Suluhisho la kudumu, yaani kuvuta bomba kutoka kijiji jirani, nililiandika kama jambo tunalojadiliana na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wilayani, bila tarehe, kwa sababu tarehe hatukuwa nayo.

Mratibu alimpigia simu ofisa wa mfadhili kabla ripoti haijatumwa, akamsomea zile namba. Nilisisitiza hilo, maana ofisa huyo naye ana wakubwa wake wa kuwajibu, na hakustahili kuzikuta kwenye kiambatisho. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza maswali mawili: kama watu bado wanakunywa maji ya kile kisima, na kama upimaji wa sehemu tatu unatosha. La pili mhandisi alilijibu kwa maandishi, akieleza kwamba unapunguza hatari lakini hauiondoi. Jibu hilo tukaliweka ndani ya ripoti.

Idhini ya kuhamisha fedha ilikuja. Awamu ya pili haikusimamishwa, ila iliwekewa sharti kwamba fedha za uchimbaji zitoke kijiji kwa kijiji, baada ya matokeo ya upimaji kuwasilishwa. Mratibu hakulipenda sharti hilo. Mimi naliona la haki.

Ripoti iliyofuata tuliianzisha kwa jedwali la hatua zilizoahidiwa. Upimaji wa marudio ulikuwa umekamilika, na kijiji kimoja kati ya viwili kilikuwa kimepata maji. Utaratibu wa maabara kwanza ulikuwa umefuatwa. Kwenye mstari wa bomba la kijiji jirani tuliandika: “Bado. Usanifu umekamilika, fedha hazijapatikana.”