Mitungi mitano ya mafuta: nilivyoandika barua ya kuomba kazi ya stoo Shimanzi

Tangazo lilikuwa fupi. Msambazaji wa vyakula Shimanzi anatafuta mtunza stoo mwenye diploma ya ugavi, anayejua kudhibiti mali na kutumia Eksel, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Mwenzangu tuliyesoma naye alinitumia picha yake kwenye simu. Nilikuwa nimetoka chuo na mkononi nina diploma pamoja na atachimenti niliyofanya katika stoo ya chakula ya hoteli moja Bamburi.

Vijana wenye cheti kama changu wamejaa Mombasa hii, na barua nyingi za kuomba kazi hujaa maneno yale yale: mchapakazi, mwaminifu, ninajituma. Mwenye mali hana namna ya kuyapima. Anachotaka kujua ni kama akinikabidhi funguo, hesabu iliyoandikwa kwenye kadi na mali iliyopangwa chini zitalingana. Kwa hiyo niliamua barua yangu ibebwe na kisa kimoja cha kudhibiti mali nilichokifanya kwa mikono yangu, na mengine yote yawe mafupi.

Kisa nilichokichagua ni cha mafuta ya kupikia, mitungi ya lita 20. Katika stoo ile kila bidhaa ina kadi yake iliyoning'inizwa kwenye rafu, na kila kinachoingia na kutoka huandikwa pale pale pamoja na kinachobaki. Mtunza stoo aliyenifundisha kazi, mtu mzima ambaye sote tulikuwa tukimwita ami, aliniambia nihesabu mafuta nilinganishe na kadi. Kadi ilisema 46. Nilihesabu, nikahesabu tena kuanzia upande wa pili wa rafu, nikapata 41.

Ami hakuniruhusu kumuuliza mtu yeyote kabla sijamaliza makaratasi. Tukarudi hadi siku ya mwisho ambapo kadi na mali zililingana, yaani mwanzo wa mwezi, mitungi 22. Tangu hapo ilikuwa imeingia mitungi 60 kwa mafungu mawili ya 30, na ikatoka 36. Ishirini na mbili jumlisha sitini, toa thelathini na sita, ni arubaini na sita. Kwa hiyo hesabu ya kadi ilikuwa sawa, na tatizo lilikuwa katika kile kilichoandikwa au kisichoandikwa.

Tulianza na upande wa kutoka. Hati za kutolea mali zina nambari zinazofuatana, nikazipanga zote na hakuna iliyoruka. Hilo peke yake lilitueleza jambo kubwa: karatasi haijapotea, na kama kuna mali iliyotoka, ilitoka bila karatasi. Mali hutoka bila karatasi stoo ikiwa imefungwa, kwa hiyo tulifungua daftari la funguo. Usiku mmoja wa Jumapili msimamizi wa zamu alikuwa amechukua ufunguo kwa ajili ya jikoni. Mpishi wa zamu ile alikuwa ameandika katika daftari lake mwenyewe kwamba alipokea mitungi 3, na hakuna aliyejaza hati asubuhi yake.

Ikabaki miwili. Hapo tukageukia upande wa kuingia, na hapa ndipo nilipojifunza kuisoma hati ya kupokea bidhaa. Hati ina safu mbili, moja ya idadi iliyoandikwa kwenye delivari ya muuzaji na nyingine ya idadi iliyohesabiwa wakati wa kushusha. Kwenye fungu la kwanza zote mbili zilijazwa. Kwenye fungu la pili safu ya kuhesabiwa ilikuwa tupu, ikiwa na maana kwamba 30 ilinakiliwa tu kutoka kwa delivari. Daftari la askari wa getini lilisema gari lile lilishusha mitungi 28. Muuzaji alipopelekewa nakala alikagua upande wake, akakubali na kupunguza deni la hoteli kwa thamani ya mitungi miwili.

Tofauti kati ya ile mitatu na hii miwili ni muhimu kuliko jumla ya mitano, na nilihakikisha barua inaionyesha. Mitatu haikupotea, ililiwa na wageni wa hoteli, na kilichokosekana ni maandishi. Miwili ilikuwa fedha inayotaka kulipwa kwa mali isiyofika. Mtunza stoo anayeyachanganya haya mawili atamshuku mpishi bure na kumwachia muuzaji alichokula.

Kabla sijaandika nilimpigia ami simu. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwomba ruhusa ya kutumia kisa kile na jina lake kama mdhamini. Akasema, "Andika mwanangu, lakini usimtaje muuzaji, na usiandike kama kwamba stoo yetu ilikuwa ovyo. Eleza ulichofanya wewe." Nasaha hii naitilia mkazo kwa yeyote anayetoka atachimenti: ukianika siri za ulikotoka, anayesoma atajiuliza utasema nini kumhusu yeye kesho. Nikaandika aya hii, ambayo ndiyo ilikuwa moyo wa barua:

"Nikiwa katika atachimenti nilipewa kazi ya kulinganisha kadi ya mafuta ya kupikia na mali iliyopo. Kulikuwa na upungufu wa mitungi 5 kati ya 46. Chini ya usimamizi wa mtunza stoo nilikagua hati za kutolea kwa nambari, daftari la funguo, hati za kupokea bidhaa na daftari la getini. Mitungi 3 ilikuwa imetolewa usiku bila hati, na 2 haikufika kutoka kwa muuzaji, ambaye alipunguza deni baada ya kuonyeshwa kumbukumbu. Tangu hapo hadi nilipoondoka, nilikuwa nikihesabu mzigo kabla ya kutia sahihi delivari, na kujaza hati za mali iliyotoka usiku kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la kutolea."

Nilipima kila sentensi kwa swali moja: je, mtu akinishika hapa anihoji, nina la kujibu? Ndiyo maana niliandika "chini ya usimamizi". Aliyefanya atachimenti akisema aliendesha stoo peke yake, mwajiri hamwamini hata kwa yale ya kweli.

Aya iliyofuata niliielekeza kwa stoo yao. Msambazaji wa vyakula ana shida ambayo muuza misumari hana, nayo ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Tulifundishwa kwamba kilichoingia kwanza kitoke kwanza, lakini kwa chakula kanuni hiyo haitoshi. Mzigo wa maziwa unaweza kuingia leo ukiwa na tarehe ya karibu kuliko ule ulioingia wiki iliyopita, na ukifuata tarehe ya kuingia utabaki na katoni ambazo duka litazikataa kwa kuwa muda uliobaki ni mdogo. Basi niliandika kwamba huwa napanga kwa tarehe ya kuisha, ya karibu mbele na ya mbali nyuma, na kwamba tarehe hiyo naiandika kwenye kadi wakati wa kupokea, sio wakati wa kutoa.

Nikaongeza jambo moja kuhusu kuagiza. Kule hotelini unga wa ngano ulitumika magunia 3 kwa siku yenye shughuli nyingi zaidi, na muuzaji alipochelewa kabisa alichukua siku 5. Tatu mara tano ni 15, kwa hiyo magunia yakifika 15 tunaagiza, hatungoji rafu iwe nyeupe. Tangazo lilitaja Eksel, nikaona nioneshe badala ya kudai. Niliandika kwamba jedwali langu lilikuwa na mali iliyobaki katika safu ya E na kiwango cha kuagizia katika safu ya F, na fomula hii pembeni:

```
=IF(E2<=F2,"AGIZA","")
```

Ni fomula ndogo, na sikuipamba. Mfumo wa kompyuta wa maghala makubwa sijawahi kuutumia, na barua haikugusia kwamba naujua.

Yaliyobaki sikuyapa nafasi kubwa. Anwani na tarehe juu, mstari wa KUH: ukiwa na jina la kazi kama lilivyo kwenye tangazo, aya fupi ya kufungua yenye diploma yangu, wadhamini wawili chini, ami akiwa wa kwanza. Yote yaliingia katika ukurasa mmoja. Alfajiri ya Alhamisi nilipanda matatu kutoka Mikindani, nikaipeleka kwa mkono pamoja na nakala za vyeti.

Jumatano iliyofuata nikapigiwa simu. Katika usaili meneja alikuwa na barua yangu mezani, ile aya ya mafuta imepigiwa mstari kwa kalamu. Hakuniuliza nguvu zangu wala udhaifu wangu. Aliuliza, "Na kama ungetafuta kote usipate ile miwili, ungefanyaje?" Nikamjibu kwamba kadi singeifuta wala kuisahihisha kimyakimya ili ilingane na rafu. Ningeandika ripoti ya upungufu, nieleze nilikotafuta, nimpelekee yeye, na akiidhinisha ndipo niandike marekebisho kwenye kadi kwa mstari wake wenyewe pamoja na nambari ya ripoti. Tofauti ikifichwa mwezi huu, mwezi ujao haijulikani ilianzia wapi.

Kisha alinitoa hadi ghalani, mahali pamepangwa magunia ya mchele na katoni hadi juu, akanipa delivari ya mzigo wa tambi uliokuwa umeshushwa asubuhi, akaniambia niupokee. Delivari ilisema katoni 120. Mrundiko ulikuwa na safu 8 kwenda juu, kila safu katoni 15, hesabu inakubali. Nilipouzunguka niliona tabaka la juu lina pengo katikati, huwezi kuliona ukiwa umesimama mbele. Nilipanda nikahesabu kwa kugusa: 117. Katoni moja chini ilikuwa imelowa kona. Nikaandika 117 zilizohesabiwa, 1 kati yake imeharibika, nikataka dereva atie sahihi pembeni ya maandishi hayo kabla yangu. Meneja akaniambia dereva ameshaondoka, nami nikamwambia basi hati iandikwe hivyo hivyo na muuzaji apigiwe simu leo, maana kesho atasema zilipotelea kwetu.

Barua ya kuajiriwa ilifika kabla mwezi haujaisha, na muda wa majaribio wa miezi 3. Nilimpigia ami kwanza. Naye akaniuliza kama stoo yao ina daftari la funguo za usiku. Halikuwepo, na ndilo jambo la kwanza nililoomba liwekwe.