Sentensi tano nilizotumia kuomba siku moja ya kupumzisha akili

Usiku wa tatu bila usingizi niliamka saa kumi alfajiri nikijua kabisa kwamba siku hiyo sitafaa kazini. Jana yake nilikuwa nimesoma ankara moja mara nne na bado sikuweza kusema jumla yake ilikuwa ngapi. Mikono ilikuwa ikitetemeka kila simu ilipolia. Nilihitaji siku moja tu, na nilihitaji kuiomba bila kueleza yaliyo kichwani mwangu.

Nilikuwa nimeshakosea mara mbili huko nyuma. Mara ya kwanza nilimwandikia msimamizi wangu ujumbe mrefu, nikamweleza habari za usingizi, za nyumbani, hata kwamba nilikuwa nimelia chooni kazini. Alinijibu kwa upole na ruhusa nikapata. Lakini ujumbe ule aliupeleka kama ulivyo kwa mtu anayepanga zamu, na wiki iliyofuata mtu huyo akaniuliza mbele ya watu kama siku hizi nalala. Hakuwa na nia mbaya. Ila neno likishatoka halirudi, na mimi ndiye niliyeliandika.

Mara ya pili nikasingizia tumbo. Kesho yake nikaulizwa nilikula nini, nikashauriwa dawa, na mwenzangu mmoja akaniulizia tumbo hilo kwa siku tatu mfululizo. Nilirudi kazini nikiwa na mzigo wa kulinda uongo juu ya ule niliokwenda kuupumzisha. Halafu, kama siku ile ningedaiwa cheti cha daktari, kingesema nini?

Kwa hiyo alfajiri ile nilikaa kitandani nikajiuliza: msimamizi anahitaji kujua nini ili kazi iende leo? Anahitaji kujua kwamba sipo, siku hiyo iandikwe vipi, kazi yangu inashikwa na nani, kama anaweza kunipigia, na narudi lini. Kila sentensi isiyojibu mojawapo ya hayo niliifuta. Saa 12 na nusu asubuhi, saa moja na nusu kabla ya kazi kuanza, nilituma huu:

"Habari za asubuhi, Mkuu. Leo Jumatano sitaweza kufika kazini kwa sababu za kiafya. Naomba siku hii iandikwe kama likizo ya ugonjwa. Ankara za leo ziko kwenye folda ya timu, na mwenzangu wa malipo amekubali kuzimalizia. Sitapatikana kwa simu wala baruapepe mchana huu. Kesho Alhamisi nitakuwepo saa mbili asubuhi kama kawaida."

Maneno "kwa sababu za kiafya" ndiyo yaliyonichukua muda. Nilianza na "nimechoka", nikalifuta, kwa kuwa kila mtu kazini amechoka na neno hilo linamfanya anayesoma aanze kupima uchovu wako na wake. "Nina msongo wa mawazo" ilikuwa kweli, lakini inafungua swali: msongo wa nini, wa kazi au wa nyumbani? "Sonona" ni jina la ugonjwa, na mimi sikuwa nimepimwa na mtu yeyote. "Nina dharura" nayo inaleta taabu yake, kwa sababu wengi wakisikia dharura hufikiria msiba, na simu za pole huanza kuingia. "Sababu za kiafya" ni kweli tupu, maana akili ni sehemu ya afya, na haielekezi kwenye kiungo chochote.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka "naomba". Rasimu yangu ya kwanza ilisema "ningeomba, kama itawezekana, nisije leo". Sentensi hiyo inamwachia msimamizi aamue kama mimi ni mgonjwa. Nikabadilisha: kutokuja nikakutoa kama taarifa, na ombi nikaliweka kwenye namna siku itakavyoandikwa, jambo ambalo kweli liko mikononi mwake. Adabu ilibaki palepale. Pia sikuomba radhi. Ukiomba radhi kwa kuugua, unajikuta umeanza kujieleza.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi: "Pole sana. Unaumwa nini?"

Hapa ndipo wengi tunapofungua kila kitu. Kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili, "unaumwa nini" mara nyingi ni sehemu ya kutoa pole, na kukaa kimya ni kumnyima mtu heshima yake. Kwa hiyo nilipokea pole kwanza, kisha nikafunga mlango taratibu: "Ahsante sana kwa kunijali, Mkuu. Ni suala la kiafya na ninalishughulikia. Tutaonana kesho." Angeuliza tena, nilikuwa nimejiandaa kurudia maneno yaleyale bila kuongeza hata moja, kwa sababu kila neno jipya huzaa swali jipya. Hakuuliza tena.

Wenzangu niliwaambia kifupi zaidi: "Sipo leo, nitarudi kesho." Aliyekubali kuzishika ankara nilimwambia zilipo na ipi ianze. Sababu hakuihitaji.

Maneno haya yana mipaka yake. Kwanza, soma kanuni za kazi yako kabla hujaugua: taarifa hutolewa kwa nani, kwa njia gani, kabla ya saa ngapi, na cheti cha daktari hudaiwa kuanzia siku ya ngapi. Mahali pengine hudaiwa hata kwa siku moja. Cheti kikihitajika, mwambie daktari kwamba kinakwenda kwa mwajiri, na umwombe aandike tu kuwa hufai kufanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Kwa ruhusa fupi, mara nyingi hilo linatosha. Wakitaka maelezo zaidi, uliza kanuni gani inayodai hivyo, na karatasi ikabidhi idara ya rasilimali watu badala ya kumpa msimamizi wa zamu.

Pili, ikiwa unaiona hali inakuja wiki nzima kabla, usingoje asubuhi ya kushindwa. Omba siku ya likizo yako ya mwaka: "Naomba siku moja ya likizo yangu ya mwaka, Ijumaa ijayo. Ripoti nitaikabidhi Alhamisi jioni." Likizo hiyo kwa kawaida haidai sababu, ila hii inaweza kukataliwa kazi ikiwa nyingi, kwa hiyo "naomba" hapa ni ombi kweli.

Tatu, ujumbe huu ni wa siku moja. Nilipojikuta nautuma mara ya tatu ndani ya wiki tano, nilielewa kwamba maneno mazuri yalikuwa yananisaidia kuficha jambo lililohitaji daktari, nikaenda. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, usikae kupanga sentensi. Mpigie mtu unayemwamini akupeleke hospitali leo hii, na kazini wataarifiwa na yeye.

Alhamisi ile nilifika saa mbili kasoro. Msimamizi alinisalimu, akaniuliza kama naendelea vizuri, nikamjibu kwamba naendelea vizuri, ahsante. Kisha akaniuliza kuhusu ankara mbili zilizobaki, na safari hii niliweza kuzisoma.