Namna duka la vifaa lilivyonipatia kazi ya vigae

Nilipomaliza kujifunza kupanga vigae, au makaro kama tunavyosema hapa Lubumbashi, kila mtu alinipa shauri moja: amka alfajiri, zunguka kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi, katika mitaa ya Golf na Bel-Air, msalimie shefu wa shantie, kisha umwachie kitu mkononi. Nililifuata kwa miezi saba, na ninaandika kwa sababu vijana wa mtaa wetu wa Katuba wanaambiwa hivyo hata leo.

Kazi kubwa niliyoipata kwa njia hiyo ilikuwa bafu tatu katika nyumba ya ghorofa. Bei ya mita mraba tulikubaliana kwa mdomo, na shefu akajitengea fungu lake. Nilipolaza pima maji sakafuni, niliona kwamba saruji ya chini ilikuwa imeinamia mlangoni, ilhali sakafu ya bafu inatakiwa kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Nilimwambia shefu, naye akajibu, «Fundi, panga tu, patro anakuja Jumamosi.» Nikakubali, nikajaribu kuutengeneza mteremko kwa kurundika gundi ya saruji chini ya vigae. Gundi ikiwa nene kupita kiasi hunywea inapokauka, na kigae hushuka kona moja. Jumamosi mwenye nyumba alimwaga ndoo ya maji. Yakapita pembeni mwa tundu, yakatoka hadi koridoni. Shefu alininyooshea kidole mbele ya wote, na kwa kuwa hatukuwa na karatasi yoyote, nililipwa bafu moja tu kati ya tatu.

Tangu siku hiyo niliacha kuzunguka, nikaanza kukaa dukani. Nilikuwa nimegundua kwamba mwenye nyumba hufika kenkayeri, yaani duka la vifaa vya ujenzi, kununua vigae kabla hajamjua fundi, na hapo ndipo huuliza, «Nani atanipangia?» Basi nilimwomba mwenye duka moja la mjini aniruhusu kuwahesabia wateja wake bure. Alisita, kwa kuwa aliogopa ningewapunguzia manunuzi.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye sebule ya mita 5.20 kwa mita 4.10. Alikuwa amechagua vigae vya sentimita 60 kwa 60, vinne katika kila katoni, yaani mita mraba 1.44. Mtu alikuwa amemgawia eneo lote kwa katoni, akapata 15. Nilimwambia, «Mama, hesabu hiyo inasahau vipande.» Nikamchorea chumba kwenye karatasi: upande mrefu unameza vigae vinane na kipande, kwa hiyo tisa, upande mfupi sita na kipande kikubwa, kwa hiyo saba. Tisa mara saba ni 63, wakati katoni 15 zina vigae 60 tu. Pia alitaka ukanda wa chini ya kuta, na huo tuliukata kwenye vigae vitano vingine. Jumla 68, yaani katoni 17 kamili. Nikamwongezea moja, kwa sababu kigae huweza kupasuka wakati wa kukata.

Vigae vitatu vilivyopungua vinaonekana jambo dogo, lakini ubavuni mwa katoni huandikwa namba ya rangi na namba ya kipimo. Ukirudi mwezi ujao kununua katoni moja, jina la kigae litakuwa lilelile, bali rangi yaweza kupauka kidogo na ukubwa kupishana kwa milimita, na viungo havitanyooka tena. Nilizisoma katoni zote 18 mbele ya mama, nikazirudisha mbili zilizotofautiana, tukabadilishiwa. Mwenye duka alitazama kimya. Alikuwa ameuza katoni tatu zaidi, na hakuna ambaye angerudi kumgombeza. Mama akanipa kazi palepale, na wiki iliyofuata duka lilinipigia simu mara mbili.

Wakandarasi nao hununua hapo, hivyo mashefu wa shantie sasa hunipata kupitia duka. Sijawakataa, ila ninaenda na pima maji na daftari. Ninamwaga maji sakafuni kabla ya kufungua katoni, ninaandika yanakoelekea, na shefu anatia sahihi. Asipotaka, ninarudi nyumbani. Wawili wamewahi kukataa. Wengine huwaita mafundi wa saruji warekebishe kwanza, kisha mimi ninaanza.

Kwa yule mama kilipasuka kigae kimoja tu. Vitatu vilivyobaki viko chini ya kitanda chake, na juu yake nilibandika kipande cha katoni chenye namba ya rangi.